Ukurasa wa mwisho wa daftari

Mwalimu wa Kiswahili anasahihisha insha za Kidato cha Pili, mkondo B. Shuleni hapo yeye ndiye pia mwalimu wa malezi, kama ilivyo katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, ambako kazi ya unasihi hupewa mwalimu mwenye vipindi vyake vya kawaida. Anapogeuza daftari moja anakuta maandishi ya penseli kwenye ukurasa wa mwisho:

“Shikamoo mwalimu. Samahani kwa kukusumbua. Naomba usimwambie mtu. Darasani wananiita Dagaa kwa sababu mama anauza samaki wa kukaanga na mimi namsaidia asubuhi. Nikiingia wanaziba pua. Sio wote. Kundi la majadiliano la Baiolojia waliniambia limejaa, lakini juzi wamempokea mwingine. Sio jambo kubwa sana. Nilikuwa nauliza tu kama inawezekana kuhamia mkondo A. Asante mwalimu.”

Ujumbe huu nimeutunga kwa ajili ya makala haya, kwa sababu ujumbe halisi wa mtoto ni siri yake. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mwalimu wa malezi atautambua mara moja. Wanaoandika huandika hivyo: kwa kifupi, kwa adabu, wakiomba radhi kabla hata hawajasema kinachowauma.

Maneno “sio jambo kubwa sana” yasimdanganye msomaji. Mtoto akiandika hivyo anamjaribu mtu mzima. Anatoa kipande kidogo cha habari yake aone kitapokelewaje. Kikidharauliwa, atasema mwenyewe alishasema halikuwa jambo kubwa, na heshima yake itabaki salama. Ombi la kuhama mkondo nalo linaeleza mengi. Haombi wenzake wakanywe. Ameshakata tamaa kwamba darasa lile linaweza kubadilika, na kilichobaki ni kutafuta mlango wa kutokea. Lakini katikati ya ujumbe kuna maneno mawili ambayo mwalimu mzoefu huyapigia mstari: “Sio wote.” Hapo ndipo kazi itakapoanzia, na nitayarudia.

Kwanza tuliondoe jibu ambalo watoto hawa hulisikia kuliko yote: “Huo ni utani tu, mzoee.” Sisi tunaujua utani, na tunaujua vizuri. Wahehe na Wangoni waliopigana vita karne ya 19 leo wanatupiana maneno ambayo wengine wangefikishana nayo polisi, na hakuna anayelala na kinyongo. Lakini utani una masharti yake. Mtani anayekutukana leo, kesho nawe unamrudishia mbele ya watu, naye anacheka. Na ukifiwa, huyohuyo ndiye anayekuja msibani, anafanya kazi, anachekesha waliolia. Sasa mpime binti wa daftari kwa masharti hayo. Je, anaweza kuwarudishia wenzake jina, nao wakacheka? Waliombatiza Dagaa wanamkaribisha kwenye benchi lao wakati wa mapumziko? Hawamkaribishi. Wanamzibia pua, na nafasi ya kwenye kundi wanampa mwingine. Utani wa namna hiyo haupo katika kabila lolote.

Mtaalamu aliyeweka msingi wa utafiti wa mambo haya, Dan Olweus, Mswidi aliyefanya kazi yake kubwa katika mji wa Bergen nchini Norwe, alitumia vipimo vitatu kutenganisha uonevu na ugomvi wa kawaida wa watoto. Uonevu unakusudiwa, unarudiwarudiwa, na aliyeonewa hana nguvu sawa na wanaomwonea. Kipimo cha tatu ndicho tunachokisahau. Wanafunzi wawili wakigombania kiti, huo ni ugomvi, na mwalimu anaweza kuwaketisha wakapatana. Wanafunzi 6 wakikubaliana kumzibia pua mmoja, hapo hakuna pande mbili za kupatanishwa. Kuna anayebanwa na kuna wanaombana.

Kutengwa ni sehemu ngumu zaidi ya jambo hili, kwa sababu hakuachi alama. Mtoto aliyepigwa ana uvimbe, na aliyetukanwa ana neno la kulinukuu. Aliyeambiwa “kundi limejaa” hana ushahidi wowote, na hakuna sheria ya shule iliyovunjwa. Lakini maumivu yake ni ya kweli. Mwanasaikolojia Kipling Williams na wenzake wametumia kwa miaka mingi mchezo mdogo sana wa kompyuta, ambamo mtu anarushiana mpira na wachezaji wengine wawili. Baada ya muda wale wawili wanaacha kumrushia na kuchezeana wao kwa wao. Dakika chache tu za hali hiyo zinatosha kumshusha mtu moyo, kumfanya ajione hana thamani na hana mamlaka juu ya maisha yake. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2004, watu waliumia hata walipoambiwa wazi kwamba wale wachezaji wengine ni kompyuta tu. Kama mtu mzima huumia kwa kunyimwa mpira na mashine, tuelewe anachopitia binti wa miaka 14 anayenyimwa kundi na watu anaoketi nao darasani kutwa nzima.

Turudi kwa mwalimu na daftari lake. Kishawishi cha kwanza ni kumjibu palepale, chini ya maandishi yake. Asifanye hivyo. Madaftari hukusanywa na kugawiwa na kiranja, na njiani yanapita mikono mingi. Jibu la mwalimu kwenye ukurasa ule linaweza kusomwa na darasa zima kabla ya mwenyewe kulifikia. Ukurasa huo auchane na kuuhifadhi chini ya kufuli. Kisha siku hiyohiyo atafute sababu ya kawaida ya kumwita: kuleta chaki, kubeba vitabu, kurekebisha insha. Asimtume kiranja na maneno “unaitwa na mwalimu wa malezi”, kwa maana shule nzima itajua kuna jambo. Siku hiyohiyo ina uzito wake. Mtoto aliyeandika asubuhi anahesabu vipindi, na kila kipindi kinachopita bila jibu anakisoma kuwa jibu.

Mazungumzo yafanyike mahali wanapoonekana lakini hawasikiki, mlango ukiwa wazi. Kabla binti hajaanza kueleza, mwalimu azungumzie lile ombi la siri, tena kwa ukweli. Akiahidi kutomwambia mtu yeyote kwa vyovyote, ameahidi asichoweza kutimiza. Maneno ya haki ni kama haya: “Mwanangu, sitafanya hatua yoyote bila wewe kujua. Lakini ukiniambia kuna hatari kwa maisha yako, au kuna mtu mzima anayekudhuru, hapo itanibidi nimshirikishe mwingine, na nitakuambia kabla sijafanya hivyo.” Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mitaa, kwa hiyo mwalimu hana ruhusa ya kukaa na kila siri. Watoto wengi wakiambiwa mpaka huu mapema huukubali. Wanachoshindwa kukisamehe ni kuugundua baadaye.

Maswali yenyewe yawe ya mambo yanayoonekana. Lilianza lini? Hutokea wapi hasa: darasani mwalimu akiwa hayupo, kwenye foleni ya uji, njiani kurudi nyumbani? Nani huanza, nani hucheka, nani hunyamaza? Swali la “kwa nini wanakuchukia” halifai, maana linamtaka mtoto ajieleze kosa lake. Na lipo swali moja ambalo walimu wengi hulikwepa kwa hofu: kama amewahi kufikiria kujidhuru au kutamani asiwepo. Wataalamu wa afya ya akili wanakubaliana kwamba kuuliza hivyo moja kwa moja, kwa upole, hakumpandikizii mtoto wazo hilo. Aliyelibeba peke yake hupata pa kulitua. Akijibu ndiyo, mambo mengine yote yanasubiri: asiachwe peke yake, mzazi aitwe na apelekwe hospitali siku hiyo.

Baada ya mazungumzo, mwalimu afungue rejista ya mahudhurio. Hapa mara nyingi kuna habari ambayo mtoto hakuitaja. Tuseme binti wetu ana siku kadhaa za “mgonjwa” katika muhula mmoja, na siku hizo zikilinganishwa na ratiba zinaangukia siku za majadiliano ya Baiolojia. Tumbo linalouma siku ileile kila wiki ni dalili, na wala mtoto si lazima awe anadanganya, kwa kuwa hofu huliumiza tumbo kweli. Rejista inamsaidia mwalimu kwa njia nyingine pia. Sasa ana jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe, na anaweza kulifuatilia bila kusema kwamba kuna aliyeandika.

Njia tatu zilizozoeleka zinaharibu hapa. Ya kwanza ni kutangaza mstarini kwamba kuna wanafunzi wanaomwita mwenzao jina fulani. Kufikia kengele ya saa nne shule nzima inalijua jina ambalo jana lilijulikana na mkondo mmoja. Ya pili ni viboko. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule, lakini waliochapwa wanajua vimetokana na nani, na njia ya kurudi nyumbani ni ndefu na haina mwalimu. Ya tatu inaonekana ya busara kuliko zote: kumwita binti na wanaomwonea, kuwaketisha pamoja, na kuwataka wapeane mikono. Hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa kuwa hufanywa kwa nia njema. Mtoto mmoja anaketishwa mbele ya wale 6 na kuombwa aeleze wamemfanya nini. Ataeleza nini? Atasema yameisha. Wenzake wataomba radhi kwa sauti moja, na wakitoka nje watamwita Dagaa mchongezi.

Msomi wa Kiswidi Anatol Pikas alitengeneza njia tofauti, na naiona inafaa sana kwa shule zetu kwa kuwa haihitaji fedha wala vifaa, ila subira na faragha kidogo. Mwalimu anakutana na wanaoshukiwa mmoja mmoja, mfululizo, ili wasipate nafasi ya kupanga maneno. Hamshutumu yeyote. Anasema: “Nimeona mwenzenu fulani anakosa shule na hana raha darasani. Wewe unaketi karibu naye, umeona nini?” Kisha ananyamaza. Kijana aliyejiandaa kukana shutuma anakuta hakuna cha kukana. Wengi, baada ya kimya kirefu, hukiri kwamba mambo si mazuri kwa mwenzao, na hapo mwalimu anauliza swali la pili: “Wewe binafsi unaweza kufanya nini wiki hii?” Jibu likiwa dogo lakini linatendeka, linatosha: sitamwita jina lile, nitamwambia kundi letu lina nafasi. Baada ya wiki moja anawaita tena mmoja mmoja kuuliza kilichofanyika. Baadaye anawakutanisha wao peke yao wapange namna ya kulimaliza, na mwisho kabisa, binti akiwa tayari, ndipo pande zote zinakutana. Njia hii ina mpaka wake. Ikiwa kuna kipigo, wizi au udhalilishaji wa kingono, hilo ni suala la nidhamu na la sheria.

Na sasa yale maneno “sio wote”. Mtafiti wa Kifini Christina Salmivalli na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba darasani hakuna mwonevu na mwonewa tu. Wapo wanaomsaidia mwonevu, wapo wanaocheka na kumpa moyo, wapo wanaojitenga kando, na wapo wachache wanaomtetea aliyeonewa. Mwenye kuziba pua huziba ili achekewe. Vicheko vikikosekana, hamu humwisha. Nchini Kanada watafiti waliorekodi watoto kwenye viwanja vya shule waliona kwamba mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Mwalimu hawezi kuwapo kila mahali kwa sekunde hizo 10, ila wanafunzi wenzake wapo.

Kwa hiyo mwalimu anamuuliza binti: hao ambao hawazibi pua ni nani? Huenda akataja wawili, mmoja anayemwazima rula na mwingine anayerudi naye njia moja. Hao ndio wa kuzungumza nao, kwa ridhaa yake. Wasipewe kazi ya kugombana na mtu wala ya kupeleleza. Waombwe jambo jepesi: wakae naye wakati wa uji, na jina lile likitajwa wao wasicheke. Mtoto mwenye mtu mmoja wa kuketi naye hayuko tena mahali alipokuwa jana.

Kuhusu kundi la Baiolojia, dawa yake ni ya mwalimu wa somo na ni rahisi kupita kiasi. Asiwaache wanafunzi wachague makundi wenyewe. Awahesabishe moja hadi sita, wenye namba moja wakae pamoja, wenye namba mbili pamoja, na abadilishe kila baada ya wiki kadhaa. Mwalimu akigawa, hakuna wa kuambiwa “limejaa”. Nimewahi kusikia walimu wakisema wanafunzi hujifunza vizuri wakiwa na marafiki zao. Wenye marafiki, ndiyo.

Ombi la kuhama mkondo lisikataliwe kwa haraka, wala lisikubaliwe kwa haraka. Kuna wakati kuhama kunamwokoa mtoto. Lakini mkondo A na B wanakunywa uji uwanja mmoja, na jina linaweza kufika kabla yake. Zaidi ya hapo, waliobaki B wamejifunza kwamba ukimbana mtu vya kutosha anaondoka. Mwalimu anaweza kumwambia: “Nipe wiki tatu. Zikipita na hali haijabadilika, nitakwenda mwenyewe kwa mwalimu wa taaluma kukuombea.” Na ahadi hiyo aishike.

Lipo pia suala la harufu, ambalo watu wazima huliogopa au hulirukia. Mtu atasema, kwa nini asibadilishe nguo baada ya kukaanga samaki? Binti akiomba mwenyewe ushauri, basi ashauriwe kuiweka sare mbali na moshi na kuivaa mwisho. Lakini mwalimu asianze na hilo, kwa sababu atakuwa amewaambia wenye kuziba pua kwamba wana haki. Isitoshe, jina la kubandikwa haliondoki na harufu. Sare itanukia sabuni na bado ataitwa Dagaa. Mama yake naye aelezwe kwa uangalifu, binti akiwa ameridhia na akijua kitakachosemwa, kwani mama anayelipia madaftari kwa samaki wa asubuhi anaweza kusikia tu kwamba kazi yake ndiyo inayomwaibisha mwanawe. Aambiwe kosa liko wapi: kwa wanaotukana.

Dalili kwamba mambo yanakwenda vizuri zinaonekana bila kumuuliza mtoto kila siku “vipi, wameacha?” Rejista inajaa. Anaonekana na mtu wakati wa mapumziko. Ananyosha mkono darasani, jambo ambalo aliyezoea kuchekwa huliacha kwanza kabisa. Mwalimu amwite baada ya wiki mbili, kisha baada ya mwezi, hata kama kumetulia, maana uonevu ukizuiwa darasani mara nyingine huhamia kwenye simu za nyumbani. Hapo mtoto asifute kitu wala asijibu. Apige picha ya skrini zionekane tarehe na majina, amwonyeshe mtu mzima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo.

Kwa mzazi, ndugu au jirani anayesoma haya na kumjua mtoto wa namna hii: msikilize hadi amalize, uandike tarehe na alichosema, kisha nenda shuleni umwone mwalimu wa malezi au mkuu wa shule faraghani, usiende kwa wazazi wa wenzake kugombana. Shule isiposikia, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anahusika. Na mtoto asiye na daftari la kuandikia wala mwalimu wa kumwamini anaweza kupiga simu namba 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, Tanzania na Kenya pia, na hatozwi chochote.